Dalali Mpya Aujue Mtaa Kwanza

Nguzo za umeme za Dar es Salaam zimejaa namba za madalali. Anayeingia kazi hii leo, awe ameajiriwa na ofisi ndogo au amejishikiza kwa dalali mkongwe, jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza namba yake kwenye nguzo hizo na kusubiri simu. Simu itapigwa kweli. Mteja atauliza kama maji yanatoka, kama luku ni ya kuchangia au inajitegemea, kama gari linafika mlangoni. Mgeni wa kazi atajibu ndiyo kwa yote, kwa kuwa hajui na hataki kumpoteza mteja. Siku ya pili wanakutana kwenye nyumba ambayo luku yake wanachangia wapangaji wanne, na gari limeachwa mita mia mbili nyuma kwenye kichochoro.

Ndiyo maana madalali makini humzuia kijana mpya asiguse mteja katika wiki mbili za kwanza. Anapewa daftari, anapewa eneo dogo, anaambiwa atembee. Eneo liwe dogo kweli. "Tabata" ni kubwa mno kwa mtu mmoja: kuna Segerea, Kimanga, Kisukuru, Bima, Kisiwani, na kila kipande kina bei yake na matatizo yake. Mitaa miwili au mitatu inatosha mwezi wa kwanza. Anayesema anafanya Dar nzima kwa kawaida hana anachokijua kwa undani popote.

Kutembea kwenyewe kuna namna yake. Mtaa huohuo upitiwe alfajiri, mchana na usiku, maana hubadilika. Saa 12 asubuhi utaona foleni ya watu kituoni na utajua daladala zinapita zikiwa na nafasi au zimeshajaa huko zilikotoka. Mchana utasikia gereji na mashine ya kuchomelea vyuma. Saa 3 usiku utajua kama ile baa ya kona inapiga muziki wa kuzungumzia au wa kutikisa madirisha, na kama njia ya kutoka kituoni ina taa. Pima kwa miguu dakika za kutoka kituoni hadi kila nyumba unayoiandika, tena kwa mwendo wa mama aliyebeba mtoto na mfuko, usipime kwa mwendo wako. Uliza nauli ya bodaboda ya mchana na ya usiku.

Maji yana ukurasa wake kwenye daftari. Sehemu nyingi za jiji bomba la DAWASA lipo, ila presha hupungua au maji hutoka kwa zamu, kwa hiyo swali zuri ni hili: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yanapanda hadi kwenye tangi bila pampu? Nyumba inayotegemea kisima ni lazima uonje maji yake, kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi. Mteja atafulia na kuogea, lakini ya kunywa na ya chai atanunua, na gharama hiyo hakuna anayemtajia. Hapohapo uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini na gari la kunyonya hupitia wapi. Nyumba nzuri iliyojificha ndani ya kichochoro kisichoingiza gari hilo ni kero inayosubiri shimo lijae.

Kisha mafuriko. Dar ina mvua za masika, takriban Machi hadi Mei, na za vuli mwishoni mwa mwaka, na dalali anayeanza kazi Agosti ataiona mitaa mikavu akadhani ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba hatakwambia. Ukuta utakwambia. Angalia mstari wa rangi ya udongo unaozunguka nyumba kwa urefu mmoja, rangi iliyobabuka chini tu, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili, viroba vya mchanga vilivyosahaulika pembeni ya geti, friji ya jirani iliyosimamishwa juu ya matofali. Tabata kwa upande mmoja inapakana na bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wa bonde hilo hadi serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba iliyomo humo unaweza kuipangisha kesho na ukapata hela yako, ila mpangaji atakukumbuka mvua ikinyesha. Ukitaka habari ya kweli, muulize mama anayekaanga chapati pale kona kwa miaka yote hiyo. Yeye hauzi nyumba.

Jambo jingine la kuangalia ukutani ni alama ya X. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliokutwa kwenye nyongeza hiyo walikuwa na haki ya fidia na nyumba zao zikawekwa X ya kijani. Waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani waliwekewa X nyekundu. Barabara ya Morogoro ilikuwa na hifadhi pana zaidi katika kipande cha Kimara kuelekea Kiluvya, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa pale. X huweza kupakwa rangi juu ikafichika, kwa hiyo nyumba ikikaa karibu na barabara kubwa, vuta futi kamba kabla ya kupiga picha.

Mwisho wa wiki ya pili daftari liwe na bei pia, na bei ni za aina mbili. Kuna bei inayotajwa na kuna bei inayolipwa. Chumba na sebule kinaweza kutajwa laki mbili kwa miezi mitatu bila mtu, halafu kikachukuliwa kwa laki moja na sabini. Ukiandika ile ya kwanza tu, utawapotosha wateja na utawapa wenye nyumba matumaini ya uongo. Waulize wapangaji wenyewe wanalipa ngapi na kwa miezi mingapi; wengi wanasema bila shida ukiwaeleza wewe ni nani.

Baada ya hapo zinakuja karatasi, na swali lake kuu ni moja: huyu anayenipa nyumba ana haki ya kuitoa? Hapa wageni wa kazi huumia kuliko mahali pengine popote. Mtu ana funguo, anajulikana mtaani, anaongea kwa uhakika. Baadaye inagundulika nyumba ni ya marehemu baba yao, watoto wako sita, na yeye ni mmoja tu. Nyumba ya mirathi hutolewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ana barua ya mahakama inayosema hivyo. Omba uione. Kama mwenyewe yuko Maskati au Uingereza na funguo anazo mpwa wake, omba hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa, au angalau upigiwe simu ya video mwenye nyumba mwenyewe akuthibitishie, akiwa ameshika kitambulisho chenye jina lililo kwenye hati. Na akaunti itakayopokea kodi iwe ya jina hilo.

Hati zenyewe si za aina moja, na dalali mpya ajifunze kuzitambua kwa macho. Eneo lililopimwa lina hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99, yenye namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa na matumizi. Katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, wengine wana leseni ya makazi, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999 haizidi miaka mitano na hubidi kuhuishwa. Na wapo wengi wenye karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa kupangisha, karatasi hiyo pamoja na maneno ya mjumbe na majirani mara nyingi hutosha kujua nyumba ni ya nani. Kwa kuuza haitoshi.

Kuhusu kuuza nasema wazi: mwezi wa kwanza usiuze kiwanja peke yako. Tembea na mkubwa wako, uone anavyofanya. Utamwona akichukua nakala ya hati, akaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kujua kama jina ni lilelile, kama kuna rehani ya benki au zuio la mtu anayedai. Utamwona akimleta mpima kutafuta bikoni ardhini, kwa sababu kiwanja kwenye karatasi na kiwanja unachoonyeshwa kwa kidole vinaweza kuwa viwili tofauti. Na kama ni nyumba ya familia, atauliza habari za mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji anayekazania mkutane hotelini na si nyumbani anaweza kuwa na sababu njema. Wewe tafuta hiyo sababu kwanza.

Turudi kwenye kupanga, ambako mgeni atapata riziki yake ya kwanza. Mkataba mzuri unaingia kwenye kurasa mbili: majina kamili na namba za NIDA za pande zote, nyumba iko wapi, kodi ni kiasi gani na ya miezi mingapi, nani atatengeneza kinachoharibika, notisi ni ya muda gani, dhamana kama ipo itarudishwaje. Ongeza namba ya mita ya luku, tarakimu zake kumi na moja zote, na uulize kama mita hiyo ina deni, kwa kuwa deni humfuata anayenunua umeme, hata kama si yeye aliyelitengeneza. Mpangaji mpya aelezwe pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia luku. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayeona salio limepungua, na ugomvi wake ni wa kila mwezi kama hamkukubaliana mapema nani ataibeba. Kama anayepanga ni kampuni, mwambie mwenye nyumba kabla ya kutaja bei kwamba kampuni itazuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA. Anayedhani atapokea milioni moja akaona laki tisa kwenye akaunti hatakuelewa ukimweleza baadaye.

Sasa kuonyesha nyumba. Tuseme wiki ya tatu inapiga simu familia ya watu wanne, baba anafanya kazi Kariakoo, mama ana duka la nguo, wanataka vyumba viwili na sebule Tabata, uwezo wao ni laki tatu na nusu kwa mwezi. Jambo la kwanza, kabla ya kupanga siku, ni kuwapa hesabu yote. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 2,100,000. Kwa kawaida ya Dar, mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja: 350,000. Jumla 2,450,000, bado gari la kuhamishia vitu. Ukiona upande wa pili umenyamaza, ujue umeokoa siku nzima ya watu wawili. Inawezekana wanachoweza ni miezi mitatu, na daftari lako linajua mwenye nyumba gani anakubali mitatu. Kama ofisi yenu inatoza hela ya kuzungushwa, itajwe kwenye simu hiyohiyo. Kuidai mtu akiwa ameshafika juani ndiko kunakowafanya watu waseme madalali ni wezi.

Wachagulie nyumba tatu, zisizidi. Mteja akionyeshwa nyumba saba kwa siku moja, jioni hakumbuki jiko lilikuwa la ipi. Nyumba ambayo bado ina mpangaji ndani itolewe taarifa siku moja kabla, na mpangaji ndiye achague saa. Wewe fika mapema. Fungua madirisha, kisha fungua kila bomba na uvute maji chooni. Washa taa zote. Chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi, kwa sababu soketi iliyokufa haionekani kwa macho. Simama sebuleni uone simu ina mtandao. Funga na kufungua kila kitasa kwa ufunguo wake. Ukigundua choo kinavuja, una dakika ishirini za kumpigia mwenye nyumba na kupata jibu la lini kitatengenezwa, badala ya kugundua pamoja na mteja.

Wakifika, ubaya useme wewe kwanza. "Nyumba ya pili ni kubwa na ina tangi lake, ila nyuma kuna gereji inayofungwa saa 12 jioni." Madalali wengi wanaona huku ni kujifukuzia mteja. Mimi sioni hivyo: gereji wataisikia tu, na wakishaisikia baada ya wewe kuificha, hawatakuamini hata ukisema maji yanatoka kila siku. Ndani ya nyumba ongea kidogo. Hakuna haja ya kusema "hiki ni chumba". Baba atapima ukuta wa kochi kwa mikono, mama atafungua makabati na kuangalia jiko linatoa moshi upande gani, waache. Kisha toka nje uwape nafasi ya kuteta. Wakirudi kwenye nyumba ya kwanza kwa maswali ya pili, kama vile mtoto atasoma shule ipi au jirani ni watu wa namna gani, nyumba wameipata, na kazi yako ni kutoharibu.

Kuna usalama pia, ambao vijana hawaupendi kuuzungumza. Mteja usiyemjua mkutane kituoni au dukani penye watu, na mtu wa ofisini ajue uko nyumba gani na saa ngapi unatoka. Dada anayefanya kazi hii asione haya kwenda na mwenzake. Wala mteja wa kike asilazimishwe kuingia peke yake na dalali kwenye nyumba tupu; mwambie mapema kwamba anaweza kuja na ndugu yake.

Adabu kwa wateja na wenye nyumba nyingine tunazijua toka nyumbani, ila mkononi ukiwa na simu inayoita huwa zinasahaulika. Mzee mwenye nyumba aamkiwe shikamoo na aulizwe hali kabla ya kuulizwa kodi. Nyumba yenye watu ibishwe hodi, hata kama funguo unazo, na viatu vibaki mlangoni pale penye viatu vingine. Chumba cha kulala cha mpangaji aliyemo kinafunguliwa na yeye mwenyewe, na hakipigwi picha kikiwa na vitu vyake. Picha za vitambulisho vya NIDA ulizotumiwa kwa ajili ya mkataba zisitupwe kwenye magrupu ya WhatsApp ya madalali. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mtu si za kusambaza ovyo. Na nyumba ikipata mtu, futa tangazo siku hiyohiyo. Kuacha picha ya nyumba iliyokwisha chukuliwa ili ivute simu ni uongo wa polepole.

Gumu kuliko yote ni mwenye nyumba anayesema hataki mabachela, au hataki wenye watoto wengi, au anataja kabila. Dalali mpya hubeba maneno hayo mazimamazima na kumpelekea mteja, akadhani anakuwa mkweli. Usimdhalilishe mtu kwa maneno ya mwingine. Muulize mwenye nyumba anachoogopa hasa. Mara nyingi ni kelele au kucheleweshewa kodi, na hayo yanaandikika kwenye mkataba. Akishikilia, mwambie mteja kwamba nyumba hiyo mwenyewe hajaitoa, kisha mpeleke kwingine. Siri za upande mmoja pia zisivuke kwenda wa pili. Mteja akikwambia anaweza kufika laki nne, hiyo laki nne ibaki kwako.

Limebaki suala la kuweka cha juu, na ofisini utalisikia likisemwa kama ujanja wa kazi. Mwenye nyumba anataka laki tatu, dalali anamtajia mpangaji laki tatu na nusu, na ile 50,000 mara miezi sita inakuwa laki tatu ya ziada mfukoni mwake. Hufichuka miezi sita ikiisha, mpangaji anapokwenda kulipa mwenyewe na kuambiwa kodi ni laki tatu. Dawa ni kuwakalisha mwenye nyumba na mpangaji meza moja siku ya kusaini, hela ikaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na ya udalali ikalipwa kwako kwa risiti yake.

Na kabla ya mteja wa kwanza, kaa na mkubwa wako mkubaliane mtagawanaje hiyo kodi ya mwezi mmoja. Nyumba moja huweza kuwa na madalali watatu: aliyepewa na mwenye nyumba, aliyeitangaza, na aliyemleta mteja, na wote wanaitazama 350,000 ileile. Waandike majina yao na mafungu yao kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kila mtu asaini, halafu ndipo mteja apigiwe simu aje kuona.